"Kodi" mbili kwenye mchoro mmoja

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala. Nataka kuwachorea wanachama mzunguko wa mapato ubaoni, kwa Kiswahili. Nimejikuta nimeandika "kodi" kwenye mishale miwili: mmoja unatoka kwenye kaya kwenda serikalini, mwingine unatoka kwa wafanyabiashara kuja kwenye kaya. Nimekosea wapi? Na makato ya korosho nayo niyaite kodi?

JIBU: Ndugu Katibu, mishale yako yote miwili iko mahali pake. Kinachogongana ni majina. Kodi kwa Kiswahili ni fedha ambazo mtu hulipa serikalini kwa sababu sheria imemtaka, na kodi hiyohiyo ni fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba, au mkulima humpa mwenye trekta. Tukiwa kwenye mazungumzo hatupotezani, kwa kuwa mtu akisema mwenye nyumba kapandisha kodi, hakuna anayefikiria Mamlaka ya Mapato. Ubaoni hakuna mazungumzo. Kuna mshale na neno moja juu yake, na neno hilo halina budi kujitosheleza.

Anza na mshale unaokuja kwenye kaya. Kaya huwapa wazalishaji vitu viwili vikubwa: nguvu kazi na mali, kama ardhi na majengo. Wazalishaji hulipia nguvu kazi kwa ujira, na hulipia matumizi ya mali kwa kile ambacho mimi ningekiita pango. Neno hili ni la siku nyingi na lina ndugu zake wa kulitegemeza: kupanga, kupangisha, mpangaji. Mwanachama wako mwenye fremu ya duka Masasi anapolipwa na muuza duka, hayo ni mapato ya kaya yake, sawa kabisa na mshahara. Andika pango, na neno kodi liachie serikali peke yake.

Kipimo cha kutenganisha ni kumuuliza anayelipa: fedha hizi umezitoa kwa kupata kitu gani? Mpangaji atakuonyesha chumba. Aliyelipia trekta atakuonyesha ekari zilizolimwa. Mlipa kodi hana cha kukuonyesha kinacholingana na risiti yake, kwa sababu barabara na shule ni za wote, hata asiyelipa chochote. Ndiyo maana mshale wa kodi huhesabiwa kuwa fedha zinazotoka kwenye mzunguko, na hurudi tu serikali inapotumia: inapolipa walimu, inapojenga, inapogawa pembejeo za ruzuku kwa wakulima.

Kuna mahali maneno haya mawili hukutana, na wanachama wako watakuuliza. Mfanyabiashara anayepanga fremu hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Pango likiwa shilingi 200,000, mwenye fremu hupokea 180,000 na serikali hupata 20,000. Usichore mshale wa 20,000 kutoka kwa mpangaji kwenda serikalini ukadhani umemaliza. Pango lote la 200,000 ni mapato ya kaya, kisha 20,000 hutoka kwenye kaya kwenda serikalini. Mpangaji amekabidhi tu. Mwenye kulipa ni mwenye fremu.

Sasa makato, ambapo naona hatari kubwa zaidi ya kupotosha watu. Makato si jina la aina fulani ya malipo. Ni neno la karani, linalosema tu kwamba fedha zimetolewa kabla hazijamfikia mwenyewe. Halisemi zimekwenda wapi, na mchoro wako wote kazi yake ni kusema zimekwenda wapi. Kwa hiyo usiandike makato kwenye mshale hata mmoja. Yavunje.

Chukua mfano wa hesabu nyepesi. Mwanachama ameuza kilo 1,000 mnadani kwa shilingi 2,500 kila kilo, jumla 2,500,000. Tuseme kwenye hati yake ya malipo kumeondolewa ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, yaani 75,000, na shilingi 80 kwa kila kilo za kuendesha chama, ghala na usafiri, yaani 80,000. Makato yote ni 155,000, naye anabaki na 2,345,000.

Ile 75,000 inakwenda serikalini. Iweke kwenye mshale wa kodi. Unaweza kuuandika "kodi na ushuru" ili wanachama waone kuwa ushuru umo humo. Ile 80,000 haigusi serikali. Ni bei ya huduma: kuna aliyepakia magunia, aliyelinda ghala, mwenye lori. Inatoka kwa mkulima kwenda kwa watoa huduma, na kutoka hapo inageuka ujira wa kaya nyingine palepale Newala. Iite ada, au gharama za huduma. Ukiiingiza kwenye kodi, mchoro wako utadai kuwa serikali imepata 155,000, na atakayelinganisha na stakabadhi za halmashauri atakuta 75,000. Vilevile utakuwa umefuta ujira wa wapagazi.

Mwanachama anaweza kulalamika kwamba ada hiyo ni kubwa mno kwa huduma anayopata. Lalamiko lake linaweza kuwa la haki kabisa, na chama kinapaswa kulijibu. Lakini ni lalamiko la bei, halibadilishi mwelekeo wa mshale.

Korosho ghafi inayosafirishwa nje ina ushuru wake, ambao humwangukia msafirishaji: asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Huo nao unaingia kwenye sanduku la serikali. Ila fedha za mnunuzi wa India au Vietnam zenyewe zichoree mshale unaoingia kutoka nje ya nchi, kwa maana ndizo zinazoujaza mzunguko wa Mtwara kila msimu. Mwanachama akinunua vipuri vya pikipiki vilivyotengenezwa India, mshale unageuka.

Kwa kuwa utafika kwenye akiba, tahadhari moja fupi. Watu husema "nimewekeza benki" wakimaanisha wameweka. Mwanachama akipeleka 300,000 benki, ameweka akiba, na fedha hizo zimetoka kwenye mzunguko wa matumizi. Kuwekeza ni pale mtu anapozikopa na kujenga kiwanda cha kubangua, na hapo ndipo zinaporudi. Ukiandika kuwekeza pande zote mbili, fedha zitaonekana kutoka na kuingia kwa mlango mmoja.

Limebaki jambo litakalokukwaza ukishazoea neno pango: ipo kodi ya pango la ardhi, anayolipa mwenye hati ya kiwanja. Jina lake ni la kisheria, usilibadilishe. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hivyo mwenye hati ni kama mpangaji wa serikali. Kwa kipimo changu cha juu, hilo ni pango kweli, maana mlipaji ana kiwanja cha kukuonyesha. Lakini anayepokea ni serikali, si kaya. Kwenye mchoro wa ubaoni uliweke pamoja na kodi na ushuru, na atakayeuliza mwambie kwamba mshale huwekwa kwa kumfuata anayepokea.