Insha ya vita vya haki na kutotumia nguvu: usiigawe nusu kwa nusu

"Wakuu, niko fomu siksi, nasoma Diviniti. Swali: 'Mkristo hawezi kushika silaha kwa sababu yoyote ile.' Jadili. Nimepanga nusu ya kwanza vita vya haki, nusu ya pili wanaokataa vita, mwisho naandika kila upande una ukweli wake. Plani iko poa?"

Futa hiyo plani leo leo. Mimi niliandika insha ya mtindo huo huo nikarudishiwa na maneno mekundu juu, "maelezo mengi, hoja hakuna", na mpango wenyewe nilipewa na mwalimu wa tuisheni aliyekuwa anatuuzia noti za fotokopi. Noti zile bado zinazunguka na nikiona mtoto mwingine anazimeza roho inaniuma, maana mtu amekula hela za wazazi wetu na neno "jadili" lenyewe halijui maana yake.

Ukigawa nusu kwa nusu, Augustino wa vita vya haki anaongea kurasa mbili peke yake, halafu anatoka, wanaingia Wamenoni na Makweka, Wakristo wanaokataa vita, nao wanaongea peke yao, hakuna anayemjibu mwenzake. Hiyo siyo kujadili. Chukua kisa kimoja, pande zote mbili zijibu hapo hapo, hoja kwa hoja.

Kisa kiko nyumbani, vita vya Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yanavuka mpaka, yanaua raia na kupora ng'ombe, halafu Amin anatangaza ardhi ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Novemba Nyerere anahutubia taifa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Sasa soma masharti ya Thomas Akwino, anataka mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema, na waliomfuata wakaongeza tumaini la kushinda, vita iwe njia ya mwisho, na madhara yasizidi kosa. Rais Mkatoliki, mwenye mamlaka ya nchi, katika sentensi moja anagusa sababu, nia na uwezo! Hiyo ndiyo aya yako ya kwanza baada ya utangulizi.

Aya ya pili usihame kisa, mlete anayekataa vita amjibu. Atakwambia Mathayo 5:39, msishindane na mtu mwovu, na atamleta Tertuliano aliyesema Bwana alipomnyang'anya Petro upanga alimvua silaha kila askari. Ila usimwandike kama mtu anayekaa tu akisubiri kuchinjwa, hapo ndipo wengi wanaanguka. Anayekataa vita anahifadhi wakimbizi, anagoma kushirikiana na mvamizi, anamkemea usoni, na yuko tayari kufa ila siyo kuua.

Aya ya tatu ndiyo moyo wa insha, usiifanye fupi. Fungua Warumi. 12:19 inasema msijilipize kisasi, na mistari michache tu mbele, 13:4, mtawala hachukui upanga bure. Wa vita vya haki anasema umeona, mimi kama mtu binafsi nakatazwa lakini serikali imepewa upanga kulinda watu, na Augustino alisimama hapo hapo. Anayekataa anajibu kwamba Paulo anaeleza kazi ya Kaisari, hajamwambia mfuasi wa Yesu aende akaishike hiyo kazi. Kwa hiyo wanasoma ukurasa mmoja na wanachogombania ni kimoja, Mkristo akivaa gwanda la serikali, amri ya Yesu inabaki juu yake au inahama? Ukiandika hilo mtahini ataona unajua unachosema.

Aya ya nne ibane Kagera yenyewe. Kumtoa adui Kyaka ni kujilinda, hapo sababu haina utata. Lakini jeshi letu liliendelea hadi ndani ya Uganda, Masaka na Mbarara majengo mengi yakabomolewa, Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Sababu bado ni ile ile ya mwanzo? Nia bado ni kulinda au imeshaingia kisasi? Anayekataa vita atasema ndiyo maana sikuanza, masharti yenu huwa yanalegea risasi zikishalia. Wa vita vya haki atajibu kwamba ni masharti hayo hayo yanayokupa haki ya kulaumu Masaka bila kulaumu Kyaka, na kwamba kumwacha Amin nyuma ya mpaka ilikuwa kumsubiri arudi.

Hitimisho chagua upande. Ukiwa na vita vya haki taja sharti gani lilitimia na gani lilivunjika, na wapi. Ukiwa na wanaokataa, jibu kwanza habari ya wale raia wa Kagera wangelindwa na nani, maana mtahini atakuuliza hilo kabla hajageuza karatasi.