Faida ya giza na faida ya mbalamwezi: namna ya kugawa pato la kwanza la samaki wa kukaanga

Anayeanza kukaanga samaki Dar es Salaam mara nyingi huanza na vibua. Ni samaki wa bei nafuu, wanapatikana kwa ndoo pale Feri, na mtu yeyote mtaani anaweza kununua mmoja wa kulia ugali. Swali linalokuja wiki ya kwanza tu, pesa ikianza kubaki mkononi, ni hili: ninunue samaki zaidi kesho, niweke, au nile na watoto?

Watu wengi watakuambia gawa mafungu matatu sawa. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ipo baharini. Vibua na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta samaki wajikusanye, kisha wavuvi wanazungusha nyavu. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote inakuwa na mwanga, taa haivuti kitu, vyombo vingi vinakaa ufukweni na wavuvi wanashona nyavu. Asubuhi yake pale Feri utamsikia dalali anaanza mnada kwa bei ambayo wiki iliyopita ilikuwa ya kumalizia. Kwa hiyo mkaanga vibua ana miezi miwili ndani ya mwezi mmoja: giza, samaki wakiwa wengi, na mbalamwezi, ndoo ileile ikipanda bei. Ukianza biashara kwenye giza, na wengi huanza hapo kwa sababu hapo mtaji mdogo hutosha, faida yako ya kwanza inakudanganya. Inabidi sehemu yake iwekwe kando kwa ajili ya siku ambazo hazijafika.

Nitaonyesha kwa hesabu. Bei zinabadilika kila msimu, kwa hiyo weka za kwako, ila mpangilio ubaki.

Tuseme siku ya giza umenunua ndoo ya vibua kwa shilingi 35,000. Umemlipa aliyekuparulia 2,000, nauli yako na ya ndoo 3,000, mkaa 3,000, mafuta yaliyotumika siku hiyo 7,000, na chumvi, ndimu na vifungashio 2,000. Jumla ni 52,000. Ndani ya ndoo mmetoka samaki 130, unauza 500 kila mmoja. Wote wakiisha kwa pesa taslimu, una 65,000, na faida ni 13,000.

Kabla ya kugusa hiyo 13,000, toa kwanza 52,000 uifunge peke yake. Hiyo ni ndoo ya kesho, siyo pesa. Mimi huifunga kwenye kitambaa chake usiku huohuo, kabla sijahesabu kilichobaki, kwa sababu asubuhi ya saa kumi na moja, ukiwa na usingizi na mtoto anadai hela ya daftari, mkono unaingia popote. Samaki waliokopwa usiwahesabu kama mauzo mpaka walipwe. Na wale waliopelekwa nyumbani kwa chakula cha jioni, wahesabu kama umewanunua: samaki wanne ni 2,000, na hiyo 2,000 inatoka kwenye fungu la nyumba. Usipofanya hivyo utajikuta unashangaa kila siku ndoo inapungua na hakuna aliyeiba.

Sasa 13,000. Mgawo ninaoushauri kwa anayeanza ni huu: 6,000 ya nyumba, 3,000 akiba ya mbalamwezi, 3,000 ya kukuza biashara, na 1,000 ya vyombo, yaani karai, jiko, chujio na meza, ambavyo vinachakaa kila siku hata kama havijavunjika bado.

Fungu la nyumba ni kiasi kilichokatwa kabla, hakifuati mauzo. Hapa ndipo panapoharibika kwa wengi. Siku mauzo yakiwa mazuri nyumbani panapikwa kuku, siku yakiwa mabaya panaguswa mtaji, na kwa sababu watoto wamezoea, kurudi nyuma ni vigumu. Jipe posho kama vile umeajiriwa: 6,000 siku nzuri, 6,000 siku mbaya. Kama una mume au ndugu anayechangia nyumbani, mweleze kiasi hicho mapema, ili asione karai limejaa akadhani kila senti ndani yake ni ya kula. Mwanamke anayefanya biashara mbele ya mlango wake anahitaji mazungumzo haya kuliko anayeuza mbali, maana familia inaona mauzo na haioni gharama.

Akiba ya mbalamwezi ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, siku ngumu ni takriban kuanzia tarehe 12 hadi 19, yaani siku 8. Siku hizo ndoo inaweza kufika 50,000. Ukiinunua nzima na gharama zile zile, unatumia 67,000, na ukiuza kwa 500 unapata 65,000. Umekaa kwenye moto jioni nzima na umepoteza 2,000.

Ninachofanya siku hizo ni kununua nusu ndoo, mara nyingi kwa kushirikiana na mwenzangu. Nusu ni 25,000, kuparua 1,000, nauli inabaki 3,000 ileile, mkaa 2,000, mafuta 4,000, vitu vidogo 1,000. Jumla 36,000. Samaki 65 nawauza 600. Wanaolipa 600 wapo, ila si wengi, ndiyo maana nusu inatosha. Mauzo ni 39,000 na faida 3,000. Posho ya nyumba ni 6,000, kwa hiyo pengo ni 3,000 kwa siku, na kwa siku 8 ni 24,000. Hilo pengo linazibwa na akiba, siyo na kitambaa cha ndoo.

Angalia sasa ile 3,000 ya kila siku ya giza. Ukitoa mbalamwezi na siku moja mbili za kupumzika, unabaki na siku kama 20 za giza, sawa na akiba ya 60,000. Mbalamwezi imekula 24,000, zimebaki 36,000. Hizo usizishangilie. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi unachafua bahari, na hata giza linaweza kukosa samaki siku kadhaa mfululizo. Akiba inayobaki baada ya kila mbalamwezi ndiyo itakayokuvusha kusi bila kwenda kukopa mikopo ya kurejesha kila siku.

Jirani yangu mmoja, binti aliyeanza karibuni, alinijia usiku karai likiwa bado na moto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu, vipi biashara?"

"Inakwenda. Nimepata elfu themanini ya faida. Nataka kesho nichukue ndoo mbili."

Nikamuuliza samaki wake wanaisha saa ngapi. Akasema wengine wanalala. Basi nikamwambia asichukue ya pili, maana wateja wake ni walewale wa mtaa mmoja, na ndoo ya pili haitawaongezea njaa. Kibua kilicholala kimekaangwa kinakauka, ukikirudisha kwenye mafuta kinakuwa kigumu, na unakiuza nusu bei au unakigawa. Kipimo changu ni saa. Kama kwa wiki mbili za giza samaki wanaisha kabla ya saa mbili usiku na watu bado wanakuja kuulizia, ongeza nusu ndoo, siyo nzima. Kama wanalala hata mara mbili kwa wiki, fungu la kukuza liende kwenye kitu kinachopunguza gharama.

Na vipo viwili ambavyo vinalipa haraka. Cha kwanza ni mafuta. Anayenunua mafuta ya kupima dukani analipa zaidi kwa kila lita kuliko anayenunua ndoo ya lita 20. Kwenye hesabu yetu, kama ile 7,000 ya siku inashuka hadi 5,500, umeongeza faida ya 1,500 kila siku bila kumtafuta mteja hata mmoja mpya. Tatizo ni kwamba ndoo ya mafuta inahitaji pesa nyingi kwa mpigo, na ndiyo sababu ya kuwa na fungu la kukuza. Cha pili ni deli la barafu. Ukiwa nalo hukaangi wote kwa pamoja. Unakaanga samaki thelathini, wakipungua unaongeza. Wasiokaangwa wanalala kwenye barafu, na kesho wanauzwa bei kamili. Ila barafu nayo ni gharama, na samaki waliokwisha kupigwa jua asubuhi hawaokolewi nayo, kwa hiyo wawekwe kwenye barafu kuanzia sokoni.

Pesa hizi ziwekwe wapi? Fungu la kukuza linafaa kwenye mchezo, kwa sababu unalipa kidogokidogo na unapokea mkupuo unaotosha ndoo ya mafuta au deli. Lakini chagua mchezo ambao unaweza kuulipa hata siku ya mbalamwezi. Waliokubali kutoa 5,000 kwa siku wakiwa kwenye giza ndio wanaoonekana wiki ya mwezi mpevu wanazunguka kukopa ili wamlipe kijumbe. Kwa mgawo huu, 1,000 kwa siku ni salama, na iliyobaki ya kukuza uishike mwenyewe. Siku za mbalamwezi hiyo 1,000 itoke hapohapo. Akiba ya mbalamwezi usiiweke kwenye mchezo kabisa, maana zamu yako inaweza kuwa mbali na siku unayoihitaji. Iweke kwenye laini ya simu tofauti na ile unayopokelea wateja, na uitoe mara moja kwa wiki, kwa sababu makato ya kutoa kidogokidogo yanaitafuna. Kikoba ambacho hisa zake hazitoki mpaka mwisho wa mwaka kinafaa kwa sare na madaftari ya Januari, lakini hicho kilipwe kutoka posho ya nyumba. Ni mahitaji ya nyumba.

Kwa mwezi wa kwanza kabisa nabadilisha mgawo kidogo. Fungu la kukuza lisubiri, ile 3,000 yake iungane na akiba, mpaka akiba ifike 48,000, yaani posho ya siku zote 8 hata kama hukupata samaki hata mmoja. Kwa 6,000 kwa siku hilo linachukua siku 8 za giza. Baada ya hapo ndipo 3,000 ya kukuza inaanza kazi yake.

Posho ya nyumba nayo itapanda, haina budi. Mimi huipandisha kwa 500 tu kwa wakati, na ni pale ambapo mbalamwezi tatu mfululizo zimepita na akiba haijashuka chini ya 30,000.