Usiifungie simu kwenye GB za bando kabla hujatazama tarehe

Swali: "Simu yaonyesha nimetumia GB 1.4, lakini mtandao wanambia bando langu la GB 3 limekwisha. Nani mwongo? Nataka niiwekee simu kikomo cha GB 3, niachane na salio la mtandao."

Usifanye hivyo! Mimi nilifanya hivyo hivyo, kredi yangu ya shilingi 400 ikaliwa usiku mmoja.

Nilinunua bando la GB 5 la siku 30, tarehe 20. Kabla ya hapo nilikuwa natumia waifai ya kazini, kwa hivyo hesabu ya simu ilianza na bando. Kufika mwisho wa mwezi ilisoma GB 3.8. Usiku wa kuamkia tarehe 1 ikarudi sifuri, kwa sababu mzunguko wake ulikuwa umewekwa uanze tarehe hiyo. Bando lenyewe lilibaki na kijisehemu tu. Tarehe 6 simu yasoma 1.1, kikomo 5, nami nimetulia kabisa, namwachia binti yangu katuni. Kumbe bando limekwisha, na laini ilikuwa imeruhusiwa kula kredi bando likiisha.

Aliyenipoteza ni fundi mmoja wa simu pale Kongowea. "Tazama simu tu, mtandao ni wezi." Nimemkasirikia mpaka leo, maana angenibadilishia tarehe ile ya mzunguko, ni kazi ya dakika moja.

Sasa jumlisha: 3.8 na 1.1 ni 4.9. Ile 0.1 je? Mtandao huhesabu kila kinachopita kwenye lango lao kuelekea kwako. Simu huhesabu kilichoifikia. Uko ndani ya feri Likoni, mawimbi yakatike katikati ya video: vipande vilivyokwisha kupita langoni vimeshahesabiwa, simu haikuvipata, kisha hutumwa tena na kuhesabiwa upya. Tofauti ya namna hii huwa ndogo. Ukiona pengo kubwa kama lako, shuku tarehe kwanza.

Siku unayonunua bando la mwezi, ingia kwenye mipangilio ya simu ya Android, `Data warning & limit`, kisha `Mobile data usage cycle`, uweke tarehe ya siku hiyo. Kikomo kiweke chini ya bando: la GB 3 weka 2.7, ili simu ijifunge kabla mtandao haujafika mwisho. Na kuwa macho: simu huanza mzunguko saa sita za usiku, bando huanza saa uliyonunua. Ulichotumia asubuhi kabla ya kununua, simu itakihesabu pia.

Bando la saa 24 halina dawa hiyo, kwani mzunguko wa simu ni wa mwezi. Hilo litazame kwenye salio la mtandao, na uwaambie wafunge kredi isiguswe na data.