Kununa kwa Kijana: Lipi la Kawaida, Lipi la Kumleta Kwangu

Wazazi na walezi,

Swali ninaloulizwa sana ofisini ni hili: "Mwalimu, huyu mtoto anaumwa au ni ujana tu?" Kabla sijajibu, nami huuliza: akishanuna, huwa anarudi katika hali yake?

Tuseme ni binti wa miaka 14. Anatoka shule, anapita bila salamu, anabamiza mlango. Ukimuuliza kulikoni, "Hamna kitu!" Baada ya saa moja yuko kwenye simu na rafiki yake, anacheka hadi machozi. Usiku anakuja kukuegemea kama mtoto mdogo. Asubuhi kanuna tena, eti sketi haijakauka. Inachosha, najua, lakini ni kawaida. Hasira yake ina chanzo, hata kama kwako ni jambo dogo, na kipo kitu cha kuiondoa.

Katika umri huu, sehemu za ubongo zinazoamsha hisia huwa zimeshapamba moto, ilhali sehemu ya mbele, inayopima na kuzuia, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Usingizi nao huchangia. Melatonini, homoni ya usingizi, huanza kupanda usiku zaidi kuliko alipokuwa mdogo, kwa hiyo kulala mapema humwia vigumu, na alfajiri anaamshwa. Anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Hesabu alizolala kabla hujasema ana kiburi.

Mlango ukibamizwa, usimfuate. Kama amekutolea maneno makali, mkanye baadaye, akishatulia. Vijana wengi hufunguka mkiwa mnaosha vyombo au mnatembea, kuliko wakikalishwa kitako na kutazamwa usoni.

Sasa binti yuleyule, lakini rafiki akipiga simu hapokei. Netiboli aliyoipenda ameiacha. Chakula anakichezea tu, alama zinashuka, na hali ni hiyo karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Huo si ujana tena, mlete. Wala usisubiri kuona machozi: kwa vijana, sonona mara nyingi hujitokeza kama hasira na kukereka na kila kitu, ndiyo maana wengi huishia kuadhibiwa badala ya kutibiwa.

Akizungumzia kufa, au ukiona alama za kujikata, wiki 2 hazihusiki. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mengine, ukija kuniona njoo na karatasi: amelala saa ngapi, amekula nini, ameacha kufanya nini na tangu lini. Hiyo itanisaidia kuliko kuambiwa "amebadilika".

Mshauri wa wanafunzi