Kuthibitisha kiasi kwa tarakimu moja moja katika ukalimani wa simu

Kwenu mnaoanza ukalimani wa simu kati ya Kiingereza na Kiswahili, hasa mnaopokea simu za familia zilizohamia Marekani kutoka Kongo, Burundi au Tanzania, ningependa kueleza jambo moja tu kwa kirefu: namna ya kuthibitisha kiasi kilichotajwa kwa Kiingereza wakati laini ni mbovu na huwezi kujua kama umesikia fiftini, yaani 15, au fifti, yaani 50. Jozi hii ina ndugu zake, kuanzia 13 na 30 hadi 19 na 90, na yote nitakayosema yanazihusu pia.

Inafaa kwanza mjue kwa nini sikio linashindwa, kwa sababu wageni wengi wa kazi hii hudhani kwamba tatizo ni Kiingereza chao. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3400 hivi, na sehemu kubwa ya mvumo wa f na t iko juu ya mpaka huo. Kinachobaki cha kutofautisha maneno haya mawili ni urefu wa irabu ya mwisho, n inayoifunga fiftini, na mkazo. Sauti ya n ni hafifu, na pale neno linalofuata linapoanza kwa m, kama katika miligramu au mililita, huelekea kumezwa na m hiyo. Mkazo nao hautegemeki: fiftini ikitajwa peke yake hubeba mkazo mwishoni, lakini ikifuatwa na jina la kitu, kwa mfano dola, mkazo huo mara nyingi hurudi kwenye silabi ya kwanza, mahali pale pale ulipo mkazo wa fifti. Kwa hiyo alama tuliyofundishwa kuitegemea darasani hupotea hasa pale fedha inapotajwa.

Chukueni simu ya aina hii. Mama mmoja anadaiwa dola 180 za umeme, na karani wa kampuni anampa mpango wa kulipa kidogo kidogo. Karani anazungumza kwa spika ya simu, sauti inakatika, na mkalimani anasikia kwamba mama atalipa dola fifti, au fiftini, kila mwezi. Hatua ya kwanza ni kuandika kile ulichosikia pamoja na shaka yako: andika 15/50 na alama ya kuuliza kando yake. Usiandike namba moja kwa matumaini ya kuisahihisha baadaye, kwa maana baada ya sentensi mbili utaisoma kama kitu ulichokisikia kwa uhakika.

Hatua ya pili ni kusimamisha mazungumzo kabla ya kutafsiri kiasi hicho. Kwa kuwa tunatafsiri kwa nafsi ya msemaji, hapa mnapaswa kujitaja kwa nafsi ya tatu, ili pande zote zijue ni nani anayeuliza. Mwambieni karani kwa Kiingereza kwamba mkalimani hakusikia kiasi vizuri na anaomba kitajwe tarakimu moja moja, kisha mwambieni mama kwa Kiswahili, “Mama, mkalimani anamwomba karani arudie kiasi cha fedha, kwa sababu hakikusikika vizuri.” Mama asiachwe kimya akijiuliza mnazungumza nini.

Angalieni namna ya kuuliza. Mkimuuliza karani, “Umesema fiftini?” naye akajibu ndiyo, hamjathibitisha chochote. Swali lenu limepita katika laini ile ile mbovu, na karani aliyesema fifti anaweza kusikia fifti na kukubali kwa moyo mweupe. Hata mkimwomba arudie, wengi hurudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, na ukubwa wa sauti haurudishi kilichokatwa na simu. Kinachosaidia ni kubadilisha maneno yenyewe. Wani-faivu na faivu-ziro hazifanani mwanzo wala mwisho, na kila moja ina irabu nzito ambazo simu huzipitisha vizuri. Katika simu yetu karani anajibu wani-faivu. Mkalimani anamrudishia kwa njia zote mbili, tarakimu kwanza na kiasi kizima baadaye, kisha anasubiri akubali.

Kuna anayeweza kusema kwamba hesabu ingetosha: dola 180 zikigawanywa kwa 15 ni miezi 12 kamili, ilhali kwa 50 zinakwisha katika mwezi wa nne kwa malipo pungufu. Hesabu hiyo ni nzuri kwa kukushtua pale namba mbili hazipatani, nami huifanya pembeni ya karatasi. Lakini haikupi ruhusa ya kuchagua. Mpango wa malipo makubwa kwa miezi michache upo pia, na mama atakayeweka 15 wakati kampuni inasubiri 50 anaweza kuhesabiwa kuwa amevunja makubaliano.

Kiasi cha tarakimu tatu kinahitaji uangalifu zaidi. Mmarekani akisema wan-fifti anaweza kumaanisha dola 150, au dola 1 na senti 50, na katika laini mbovu inaweza kuwa wan-fiftini, yaani 115. Hapa idadi ya tarakimu haikusaidii kutenganisha 150 na 115, kwa hiyo ombeni tarakimu zote, kisha muulize kama kuna senti. Akitaja faivu au naini peke yake, jueni kwamba nazo hukaribiana kwa sababu ya irabu yao moja. Ndiyo maana marubani hutamka 9 kama naina. Kwa dozi za dawa utaratibu ni huo huo, na nchini Marekani taasisi ya ISMP, inayoshughulikia usalama wa dawa, hushauri maagizo ya simu yatajwe kwa tarakimu moja moja. Katika dozi ulizeni pia kipimo chenyewe na mahali pa nukta, kwani 1.5 na 15 ni dozi tofauti kabisa.

Baada ya hapo mnarudi kwa mama, na wengi hulegea hapa kwa kuwa kumi na tano na hamsini hazifanani hata kidogo katika Kiswahili. Ni kweli, lakini Kiswahili kina udhaifu wake: laini ikikatika mwanzoni mwa “kumi na tano”, mama atasikia “tano” tu, nalo ni jibu linaloeleweka, hivyo hatauliza. Sita na tisa, sitini na tisini, nazo hupotoshana. Kwa hiyo mwombeni karani ruhusa ya kumtaka mama arudie kiasi alichokielewa. Mama akisema, “Kumi na tano, moja na tano, kila mwezi,” tafsirini jibu lake lote kwa karani, pamoja na tarakimu.

Ikiwa mmeomba tarakimu mara mbili na bado hazisikiki, acheni kuendelea kukisia. Mwombeni karani azime spika na azungumze karibu na simu. Ikishindikana, ziambieni pande zote mbili kwamba kiasi hakijathibitishwa, kwamba mkalimani hawezi kukitafsiri, na kwamba simu inafaa ipigwe upya au kiasi kitumwe kwa maandishi kabla mama hajakubali lolote.