Make, let, allow na help: kabla hujajaza pengo angalia nani kakaa katikati

Juzi usiku kaniandikia binti mmoja wa Newala, anarudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kaanza na "shikamoo ticha" halafu hakusubiri hata marahaba, picha ya karatasi yake ya majaribio ikaingia. Anasema: "Ticha mbona nilipoweka to nimekosa na nisipoweka to nimekosa pia, sasa wanataka nini?" Nikaikuza ile picha nikacheka kidogo, siyo kumcheka yeye, nimecheka kwa sababu ile karatasi nimeshaiona mikononi mwa watoto wengi mno hapa Mtwara, majina tu ndiyo yanabadilika.

Maswali yaliyomtoa yalikuwa haya:

```
1. The captain made the boys ______ the net. / pull
2. The boys were made ______ the net. / pull
```

La kwanza kaweka to pull, la pili kaweka pull. Yaani kayageuza, angebadilishana tu majibu angekuwa na alama zote mbili. Na ukimuuliza kwa nini, atakwambia ticha wake alisema "kitenzi cha pili kinakuja na to", na kwa want, ask, tell, order, force na hiyo allow yenyewe ni kweli kabisa, ndiyo maana swali la allow kalipata bila jasho. Make na let ndizo zimejitenga na kundi.

Sasa mimi nikifundisha hili siwapi watoto jedwali. Jedwali wanalikariri Jumatatu, Alhamisi limeyeyuka. Nawaambia mkiona pengo msikimbilie kulijaza, rudini nyuma muangalie nani kakaa katikati ya make na pengo. Kwenye swali la 1 katikati wamekaa the boys, na hao hao ndio wanaovuta wavu. Captain kalazimisha, vijana wanavuta. Ikiwa hivyo kitenzi kinakuja kitupu, hakivai chochote: made the boys pull the net. Kwenye swali la 2 katikati hakuna mtu, were made kisha pengo hapo hapo, kwa sababu the boys wameshahamia mbele kabisa ya sentensi. Hii ndiyo kauli ya kutendwa, na kwenye kutendwa ile to iliyokuwa imefichwa inarudi: were made to pull the net. Hapo ndipo watunga mitihani wanapopenda kuvizia, hasa kwenye yale maswali ya kuandika sentensi upya. Unapewa The headmaster made the students sweep the yard, unaambiwa anza na The students, na mtoto anaandika kwa raha zake The students were made sweep the yard. Anaona kila neno lipo! Limekosekana neno moja tu la herufi mbili na alama imekwenda.

Na kuna wale wanaopatia to na bado wanakosa. Hawa ndio wengi zaidi na hakuna anayewasemea. Chukua hii, niliitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa langu la uani Chikongola, msimu wa korosho, nusu ya watoto wametoka kuokota asubuhi:

```
The rain made the farmers who had spread
their cashew nuts on the ground ______ home. / run
```

Wengi walijaza ran. Ukisikiliza hoja yao ina akili, wanasema ticha mvua ilinyesha jana, made iko wakati uliopita, had spread nayo iliyopita, sasa run ibaki hivyo hivyo kwa nini? Jibu ni kwamba wakati umeshabebwa na made peke yake, kitenzi kinachofuata hakibebi tena. Ni hivyo hivyo kwa ile s ya he na she. My mother lets my brother play football, s imekaa kwa lets, ukiandika plays umeiweka mara mbili. Na hiyo sentensi ya korosho ina ujanja mwingine, aliyekaa katikati ni mrefu, ni the farmers na maelezo yao yote mpaka ground, mtoto akifika kwenye pengo ameshasahau kama kulikuwa na made. Ndiyo maana nawaambia wachukue penseli wakate maelezo: made the farmers ______ home. Ikibaki hivyo hata aliyesinzia anaandika run.

Nimeshasikia watu wakisema haya ni mambo madogo. Haya.

Let ni mkaidi kuliko make. Make ukiipeleka kwenye kutendwa inakubali na kudai to yake, let kwa maana hii ya kuruhusu haiendi. Huandiki We were let to go home, na wala We were let go home haikubaliki kwenye mtihani. Ukipewa The guard let us enter the port na ukaambiwa anza na We, unaiacha let hapo hapo unamchukua ndugu yake allow: We were allowed to enter the port. Allow mwenyewe ni mpole, mtu akiwa katikati anataka to, kwenye kutendwa anataka to. Anakuwa mkorofi sehemu moja tu, ukimnyima mtu. The council does not allow people to dry fish here, sawa, people wapo. Ukiwatoa hao people, to inaondoka nao na kitenzi kinavaa ing: The council does not allow drying fish here. Kwa hiyo hapa napo swali ni lile lile, nani kakaa katikati.

Help sasa. Nikifika kwa help huwa napandwa na presha kidogo, mnisamehe.

Kuna kituo kimoja cha tuisheni niliwahi kufundisha, sikitaji na msiniulize kwenye inbox. Mwenye kituo alikuwa na karatasi yake ya majibu aliyoirithi sijui kwa nani, imeandikwa help inafuatwa na to, nukta. Mtoto akiandika She helped me carry the bucket anakatwa, akiandika She helped me to carry the bucket anapata. Nikamfuata nikamwambia mkubwa, zote mbili ni sahihi, Mwingereza anasema hivi na anasema vile, maana haibadiliki, huyu mtoto unamuonea. Akanijibu mbele ya darasa zima, "Ticha wewe fundisha kilichoandikwa, usituletee Kiingereza cha kwenye muvi." Watoto wakacheka. Muhula uliofuata sikuitwa, na wala sikuambiwa kwa nini, nikasikia tu kwa watu kwamba nimeshapatiwa mbadala. Imepita miaka lakini nikikutana naye sokoni bado namsalimia kwa kutazama pembeni. Na wale madogo waliohamia kwangu uani kukaa kwenye majamvi, wengine leo ni matabibu na wengine walimu, mmoja kanipigia simu mwaka huu ananiambia ticha, ile help yako nimeifundisha leo darasani. Basi.

Ila nisije nikaonekana nasema help haina sheria. Inayo. Uhuru wa kuweka to au kuiacha upo pale help ikiwa kwenye kutenda. Ukiipeleka kwenye kutendwa uhuru unaisha: The old man was helped to cross the road, hapo to ni lazima kama ilivyo kwa was made. Halafu kuna could not help, ambayo haina uhusiano wowote na kusaidia, maana yake kushindwa kujizuia, na hiyo inataka ing: I could not help laughing. Mtoto akiona help anakimbilia laugh au to laugh, zote mbili zinaangukia pua. Asome neno lililotangulia kwanza.

Walimu wenzangu, na hapa nasema kama mtu aliyeumizwa na jambo hili: ukimkata mtoto kwenye jibu lililo sahihi, hakosi alama tu. Anatoka pale akiamini help me carry ni kosa, na siku akiwekewa swali la kuchagua lenye help me carry na hakuna to kwenye machaguo mengine, anaruka jibu la kweli anachukua carrying. Karatasi ya majibu ikigongana na lugha, irekebisheni karatasi.

Sasa turudi kwa binti wa Newala, maana baada ya kumwelekeza haya yote akanitega. Kaniuliza, "Ticha, kama mtu akiwa katikati ya make hatuweki to, mbona hii wameweka?"

```
My uncle made a canoe ______ fish in the bay. / catch
```

Jibu la kitabu ni to catch. Nilifurahi sana, hilo ni swali la mtu anayefikiri. Ni kweli katikati kuna kitu, a canoe. Lakini jiulize, nani anavua samaki? Mtumbwi hauvui, anavua mjomba. Na made hapa siyo kulazimisha, ni kutengeneza, mjomba kachonga mtumbwi ili apate samaki, kwa hiyo to imekuja kwa kazi nyingine kabisa, ya kuonyesha lengo. Na kwenye She made a promise to pay the debt, to inaeleza ni ahadi ya kufanya nini, lakini hapo pia ahadi hailipi deni, analipa yeye. Kwa hiyo ile kanuni yangu ya kuangalia aliyekaa katikati haitoshi kama ukiishia kumwona tu, lazima uhakikishe yeye ndiye anayefanya kitenzi cha pili. The boys wanavuta wavu? Ndiyo, kitenzi kitupu. The farmers wanakimbia? Ndiyo, kitupu. A canoe inavua? Hapana, weka to.

Nikamtumia na yangu moja ajaribu:

```
The noise of the lorries made the baby
sleeping in the next room ______. / cry
```

Akajibu cries, kisha kabla sijaandika kitu akafuta, akaandika cry, akaongeza "s ingekaa kwa make, tena hapa ni made kwa hiyo haipo kabisa". Nikamwambia sasa kalale, kesho tunaanza zile za kugeuza.