Salamu za mama: chagua tukio moja

"Mama anatimiza miaka 60 Jumamosi, hapa Uyole, Mbeya. Kila nikiandika salamu za kumsomea naishia 'mama ni nguzo, mama ni malaika'. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, futa sifa zote, ubaki na tukio moja. Alishika nini siku ile? Alisema nini? Mfano:

"Mama, Julai ile tuliwahi viazi soko la Mwanjelwa saa kumi alfajiri. Ukanifunga kitenge chako cha kijani, wewe ukabaki unatetemeka, unasema, 'Mimi nimezoea.'"

Hapo neno "upendo" halihitajiki tena. Maneno yake yaache kama alivyoyatamka, hata kama ni Kisafwa.

Ila kumbukumbu ikigusa deni au ugomvi na baba, muulize kwanza faragha. Wageni watakuwepo, na mashangazi hawasahau.

Dakika mbili zinatosha.